Kamba Ivutwayo Chini: Yahesabiwa au Haihesabiwi?

Katika shule nyingi, mwalimu afundishapo habari za makapi huwapa wanafunzi wake kanuni fupi ya kukariri. Walimu wengine husema, "Hesabu roda, na hesabu hiyo ndiyo manufaa ya kimakanika." Wengine husema, "Hesabu kamba zote uzionazo katika picha, ila ile ivutwayo kwenda chini usiihesabu." Sisi twasema wazi kwamba kanuni hizi zote mbili hazifai kufundishwa. Hatusemi kwamba hazipati jibu la kweli kamwe. Ubaya wake ni kwamba hulipata mara nyingi, hata mwanafunzi na mwalimu wake hawatambui kuwa wamelipata kwa bahati tu.

Na tuelewane kwanza katika maneno. Kapi ni kile chombo kizima chenye ndoana yake. Roda ni gurudumu lizungukalo ndani yake, na kapi moja laweza kuwa na roda moja au zaidi. Manufaa ya kimakanika ni hesabu ya mara ngapi mzigo wazidi nguvu ya mvutaji. Mtu akiinua mzigo wa kilo 120 kwa nguvu ya kilo 40, manufaa ni 3.

Sasa chukueni kamba moja na makapi mawili, moja kubwa lenye roda mbili na moja dogo lenye roda moja. Fungeni ncha ya kamba kwenye kapi dogo. Ipitisheni katika roda ya kwanza ya kapi kubwa, irudisheni katika roda ya kapi dogo, kisha ipitisheni katika roda ya pili ya kapi kubwa, na ncha iliyobaki ishuke mpaka mikononi mwa mvutaji. Kapi kubwa litundikeni kwenye boriti ya ghala, na chini ya kapi dogo ning'inizeni mzigo wa kilo 120. Mkiichora picha yake mtaona sehemu nne za kamba: tatu katikati ya makapi, na moja iendayo kwa mvutaji. Katika hizo nne, zinazolishika kapi dogo pamoja na mzigo wake ni tatu tu. Kila moja yachukua kilo 40, na mvutaji naye avuta kilo 40. Manufaa ni 3. Aliyehesabu roda amepata 3. Aliyeiacha kamba ivutwayo chini amepata 3 pia. Wote wawili wafurahi.

Lakini makapi hayo hayo, na kamba hiyo hiyo, na tuyapeleke katika jahazi. Humo kapi kubwa huitwa gofia, nalo limefungwa kwenye henza, ile kamba nene ipitayo juu ya mlingoti na kushuka upande wa pili mpaka kwenye foromali lenye tanga. Kapi dogo ni abedari, limefungwa chini chomboni. Kamba ipitayo kati yake ni jarari. Vyombo hutofautiana kwa hesabu ya roda, lakini sisi tutumie zile tatu zetu, na tuseme foromali na tanga lake ni kilo 120. Mabaharia wavutapo jarari, gofia hushuka na foromali hupanda. Basi, kapi litembealo ni lipi? Si lile la chini, bali ni gofia iliyo juu. Hesabuni sehemu za jarari zinazoivuta gofia: tatu zatoka upande wa abedari, na ya nne yatoka mikononi mwa mabaharia. Zote nne zaivuta gofia kwenda chini. Kila moja yachukua kilo 30, na manufaa ni 4.

Tazameni sasa. Roda ni tatu kama kwanza, na kamba yavutwa chini kama kwanza. Mwenye kuhesabu roda asema 3, naye amekosa. Mwenye kuiacha kamba ivutwayo chini asema 3, naye amekosa vile vile. Mtoto wa pwani aliyekwisha kushika jarari kwa mikono yake atakuja darasani, aambiwe na mwalimu kwamba kamba aliyoivuta haina kazi ila kugeuza upande wa nguvu. Huo ni uongo.

Kanuni iliyo ya kweli ni nyepesi kuliko hizo. Uliza kwanza: ni kapi lipi litembealo pamoja na mzigo? Chora duara kwa chaki kulizunguka kapi hilo peke yake. Kisha hesabu ni mara ngapi kamba ya kuvutia imekata duara hilo. Hesabu hiyo ndiyo manufaa. Sababu yake ni kwamba kamba moja isiyokatika, ipitapo katika roda zizungukazo vyema, hukazika sawasawa mahali pote. Kwa hiyo kila sehemu ivukayo duara huleta nguvu iliyo sawa na ya mvutaji. Kama kamba yavutwa juu au chini, hilo si neno.

Duara hilo hilo litakuambia na jambo jingine ambalo kanuni za kukariri haziligusi. Lichore kulizunguka kapi la juu kule ghalani. Kamba zalikata mara nne, kila moja kilo 40. Basi boriti haichukui kilo 120 kama wengi wanavyodhani, bali kilo 160, bila uzito wa makapi yenyewe. Aliyechagua boriti ya kutosha kilo 120 tu amejiwekea hatari juu ya kichwa chake.

Wako watakaosema, "Tumepima kwa mizani, na mvutaji hakuvuta kilo 40 bali karibu na kilo 50, duara lenu limekosa." La, halikukosa. Roda husuguana na mhimili wake, na kamba ngumu hukataa kupinda. Tukisema kila roda yapoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu, mvutaji wa ghalani atahitaji kilo 49 hivi. Atakaye kuhakikisha hesabu ya sehemu asitumie mizani, bali apime urefu wa kamba. Mzigo ukipanda mita 1, ghalani mvutaji atakuwa amevuta mita 3, na jahazini mita 4. Msuguano hauwezi kuubadili urefu huo.

Kanuni yetu nayo ina mipaka yake. Yafaa pale kamba ya kuvutia ni moja, na sehemu zake zaenda sambamba au karibu na sambamba. Zikiwapo kamba mbili, kama kapi litembealo likivuta kamba ya kapi jingine, usizihesabu pamoja. Kila kamba ina mkazo wake, na kila kapi litembealo lataka duara lake.

Najua mtatuambia, ndugu walimu, kwamba picha za mitihani huonyesha mzigo umening'inia chini, na kwa picha hizo kanuni fupi yatosha. Twajibu kwamba picha hizo ndizo zilizowaficha kosa. Mpindueni mtoto karatasi yake, kapi la juu liwe chini, mumwulize tena. Akihesabu roda, mtajua kwamba hamkumfundisha kitu. Akiuliza, "Lipi latembea?", huyo amejua.