Pikipiki ya kuchanganya oili: rahisi kununua, ghali kuendesha

Ndugu mkulima, ukiletewa Yamaha AG100 kuukuu kwa bei ya kutupa, usikimbilie. Injini yake ni ya mipigo miwili, sawa na ya bomba la kupulizia salfa kwenye mikorosho. Inachoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana inatoa moshi wa bluu hata ikiwa nzima. Petroli nyingine hutoka na moshi kabla ya kuungua.

Nyingi pampu ya oili imeshakufa, mwenyewe anachanganya tangini, mililita 40 kwa kila lita. Kilomita 100 na mzigo zikila lita 4, oili ni mililita 160. Siku ukisahau, pistoni inakwama njiani.

Ni kweli haina valvu, fundi wa kijijini anaifungua upesi. Lakini kwa anayepeleka mzigo Lindi kila wiki, mimi nasema chukua mipigo minne, kama Boxer: lita 2 na nusu hivi kwa umbali huohuo. Mwaga oili kila kilomita 2,000. Hiyo ikitoa moshi wa bluu, ringi au sili za valvu zimechoka. Mpelekee fundi mapema.