Kelele za mwizi Kingolwira: nani anahesabika kuwa ameua?

Kibaka akikamatwa usiku Kingolwira, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo kando ya barabara ya Dar es Salaam, umati hukusanyika kabla polisi hawajafika. Tukiwauliza watu kwa nini wasimpeleke kituoni, jibu ni lilelile: leo mtampeleka, kesho mtamwona mtaani anawacheka.

Malalamiko hayo yana msingi, ingawa mara nyingi sababu haieleweki vizuri. Wizi wa kawaida una dhamana, na mtuhumiwa wa kosa lisilo la hukumu ya kifo anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, ikiwezekana. Kwa hiyo kumwona mtaani hakuna maana kwamba kesi imekwisha. Kesi hufa baadaye, pale mwenye mali anapochoka nauli na kuahirishwa kwa kesi, asiende tena kutoa ushahidi. Rushwa nayo ipo, hatuifichi.

Lakini tazama upande wa pili. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia nia ya pamoja: watu wakishirikiana katika jambo haramu, na kifo kikawa matokeo yanayotarajiwa, kila mmoja anahesabiwa kuwa ametenda. Aliyeleta tairi, aliyenunua petroli na aliyepiga fimbo mbili tu wanaweza kusimama kizimbani pamoja kwa mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa. Kinachowaokoa wengi ni giza: hakuna anayekubali kumtaja jirani yake.

Na umati hukosea. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na kuchomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mtu alipiga kelele kwamba ni mumiani, wanyonya damu, na habari ikaenea kijiji kizima. Hakuna aliyesubiri kuwauliza wametumwa na nani. Huku Uluguru nako hadithi za mumiani ni za zamani, tusijidanganye kwamba ni mambo ya Wagogo.

Sheria haikatazi raia kumkamata mwizi anayemshuhudia akiiba. Inamtaka amfikishe kwa polisi bila kuchelewa, na asitumie nguvu kuliko inavyohitajika kumzuia. Mkiwa na mtu mikononi, mwiteni mwenyekiti wa mtaa au mgambo, mpelekeni kituoni, na mlalamikaji asiondoke bila namba ya RB. Namba hiyo ndiyo atakayoitumia kufuatilia jalada, na kuuliza ni siku gani atahitajika mahakamani.