Megapikseli 32 za Nini Kama Uso Hauonekani?

Wasee, wacha niseme ukweli. Ukiuliza simu dukani hapa Modogashe, jambo la kwanza utakaloambiwa ni: "Hii ina megapikseli 32 mbele, selfi zake ni moto!" Kwangu mimi, hiyo ndiyo namba ya mwisho unayofaa kuuliza. Sababu ni saa ambazo sisi hupiga simu.

Wengi wetu tuna watu Minneapolis. Wao wakitoka mapumziko ya saa sita mchana, huku ni saa mbili usiku, na wakati wa baridi yao ni saa tatu. Kwa hivyo video koli zetu ni za usiku, chumba kina taa moja ya sola, na mara nyingi hiyo taa iko nyuma ya mtu.

Sasa piga hesabu. Video ya 720p ni 1280 mara 720, yaani pikseli 921,600. Hata milioni moja haijafika! Hizo 32 ulizolipia haziendi popote kwenye koli. Kinachosaidia usiku ni mwanga unaoingia. Tafuta ile namba ya f: ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana. f/2.0 inapitisha mwanga karibu asilimia 44 zaidi ya f/2.4.

Mwanga ukikosa, simu inabanwa. Video ya fremu 30 kwa sekunde huipa kila fremu muda usiozidi sehemu moja ya 30 ya sekunde. Basi simu inapunguza fremu, na ukitikisa kichwa unakuwa ukungu. Ama inaongeza nguvu ya picha kwa lazima, na zile chengachenga zinaanza kucheza usoni mwako.

Hapa ndipo watu hawajui. Chengachenga zinakula netiweki. Programu ya koli huokoa data kwa kutotuma tena kitu ambacho hakijabadilika, kama ukuta. Lakini chengachenga hubadilika kila fremu, hivyo hata ukuta unaonekana kama unatembea. Data haitoshi, uso unageuka viboksi, na wewe unalaani mlingoti. Jaribu hivi: hamisha taa iwe mbele yako, kisha sogea nusu ya umbali. Kwa balbu ndogo, mwanga usoni unakuwa karibu mara nne. Viboksi vikipungua hapo hapo, shida ilikuwa giza. Vikibaki vilevile, sasa laumu netiweki.

Jambo la pili ni fokasi. Juzi ayeyo alitaka kumwonyesha shangazi yangu, ambaye ni nesi, pakiti ya dawa yake. Aliishika karibu kabisa na kamera ya mbele. Ukungu mtupu. Shangazi anauliza, "Hiyo ni 5 au 50?" Ayeyo anazidi kuisogeza karibu, ukungu unazidi. Lenzi za mbele za simu nyingi zimefungwa mahali pamoja, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kitu kikija karibu sana, hazina la kufanya. Nikageuza koli iende kamera ya nyuma, na shangazi akasoma: 5. Tofauti ya 5 na 50 kwa dawa si mchezo.

Na megapikseli haziwezi kukuambia hilo. Chukua Google Pixel 8 na Pixel 8 Pro, zote za 2023. Kamera ya mbele ya zote mbili ina megapikseli 10.5 na f/2.2, lakini ni ya Pro tu inayorekebisha fokasi yenyewe. Kwenye maelezo ya simu, tafuta herufi AF. Zisipokuwepo, chukulia kwamba haina.

Upana wa picha nao ni wa kuchagua kwa akili. Ukishika simu sentimita 60 kutoka usoni, lenzi ya nyuzi 80 inaona kama mita moja kutoka kona hadi kona ya pili, na ya nyuzi 95 inaona kama mita 1.3. Hiyo ya pili inaingiza familia yote kwenye mkeka, sawa. Lakini uso wako unakuwa mdogo, na aliyekaa pembeni anavutwa kama ubani.

Kwa hivyo ukienda dukani, usipige selfi pale mlangoni kwenye jua. Kwa jua la huku, kila kamera ni nzuri. Ingia kona yenye giza, washa video ya mbele, punga mkono, kisha leta risiti sentimita 20 kutoka kwa lenzi. Husomi? Hiyo si simu ya koli za usiku, hata wakikuandikia megapikseli 100 kwenye boksi.