Swali lisilobeba jibu lake



Juma lililopita binti wa mmoja wetu alirudi kutoka staji yake ya utafiti huko Kadutu, hapa Bukavu, na karatasi kumi na mbili mkononi. Anatafuta kujua kama kazi ya kuchota maji asubuhi inachelewesha watoto wa masomo ya msingi. Tuliketi naye mezani, tukafungua karatasi moja moja. Kwa swali lake kubwa, nyumba zote kumi na mbili zilijibu ndiyo. Yeye alifurahi. Sisi walimu tulitazamana.

Swali lilikuwa hili: «Je, hamuoni kwamba kukosa maji karibu kunaharibu masomo ya watoto wa kike?» Tulimwuliza: mwanangu, mama gani atakujibu hapana? Akisema hapana, ataonekana kama mtu asiyejali binti zake. Tena anaona kijana mwenye fomu na kalamu, anafikiri labda mradi wa maji unakuja, na aliye na shida nyingi ndiye atakayeandikwa. Kwa hiyo ile ndiyo haikutuambia kitu juu ya maji. Ilituambia tu kwamba wamama wana adabu na wana matumaini.

Hapa ndipo tulipoanza kazi upya. Tulimpa kipimo kimoja: kila swali alisome kwa sauti, kisha ajiulize kama mtu anaweza kutoa jibu lolote kati ya yale yanayowezekana bila kuona haya. Kama jibu moja linaleta sifa na lingine linaleta aibu, swali halijakaa katikati. Njia rahisi ya kulirudisha katikati ni kuacha kuuliza mtu anawaza nini, na kumwuliza ni nini kilichotendeka siku fulani. Mtu anaweza kukupendeza kwa mawazo yake, lakini akikueleza nani alibeba bidoni, kutoka wapi, saa ngapi, ni vigumu zaidi kukupendeza.

Alikuwa na maswali kumi na tisa. Kwa kila moja tulimwuliza: ukipata jibu, utaliandika wapi katika kazi yako? Swali la dini lilianguka, la kabila lilianguka, la mshahara wa baba lilianguka. Lingine lilikuwa mawili katika moja: «Maji yenu ni safi na ni karibu?» Kama ni karibu lakini ni machafu, mama ajibu nini? Tukaona pia kwamba neno «watoto wa kike» lilikuwa limekwisha kuamua jambo ambalo alitaka kulichunguza. Kama wavulana nao wanachota, fomu yake isingewaona kamwe.

Yalibaki maswali manane. Tunayaandika hapa ili mwenye mtoto katika staji aweze kumwonyesha:

1. Ni watoto wangapi wa nyumba hii wanaosoma masomo ya msingi?
2. Jana, maji ya nyumba hii yalitoka wapi? (Robine ya nyumbani, robine ya watu wote, chemchemi, mvua, tulinunua kwa mchotaji, pengine.)
3. Nani alienda kuchota? (Andika kila mmoja, mume au mke, na miaka yake. Kama hakuna, ruka mpaka swali la 6.)
4. Kila mmoja alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi?
5. Alileta bidoni ngapi?
6. Kila mtoto anayesoma aliondoka nyumbani saa ngapi kwenda masomo?
7. Alifika kabla ya kengele, au baada ya kengele, au hakwenda, au hujui?
8. Kuna jambo lingine la asubuhi ile ungependa kutueleza?

Angalieni kwamba hakuna mahali panaposema «shida», «kuteseka» wala «kuchelewa». Angalieni pia ile «hujui». Mama aliyeko sokoni tangu alfajiri hajui mtoto alifika saa ngapi, na usipompa nafasi ya kusema hivyo, atabahatisha, nawe utaandika bahati yake kama ukweli.

Kisha tulimwambia asirudi mara moja kwa watu wa utafiti. Ajaribu kwanza katika nyumba tano za avenyu nyingine, ambazo hazitahesabiwa. Alirudi na makosa matatu ambayo sisi mezani hatukuyaona.

La kwanza, alikwenda siku ya kwanza ya juma, na «jana» ilikuwa siku ya Mungu. Hakuna masomo. Tukabadilisha: «siku ya mwisho watoto walipokuwa na masomo». La pili, bidoni. Nyumba moja ilisema nne, nyingine mbili, lakini zile nne zilikuwa za litre tano, na zile mbili za litre ishirini. Sasa anauliza ukubwa pia. La tatu, saa. Wengine kwetu wanahesabu saa kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa, na saa 1 ya Kiswahili ni saa 7 ya Kifaransa. Sasa anaandika saa kama ilivyosemwa, na kando yake anaweka alama ya hesabu iliyotumiwa.

Jambo moja karibu litupite. Fomu yake iliandikwa kwa Kifaransa kwa ajili ya mwalimu anayeongoza kazi yake, naye alikuwa akiitafsiri mlangoni, kila nyumba kwa maneno mengine. Hivyo nyumba kumi na mbili zilikuwa zimeulizwa maswali kumi na mawili. Tuliandika Kiswahili chake kabisa kwenye karatasi, neno kwa neno. Kisha tulimpa mwalimu mwenzetu ambaye hakuona Kifaransa cha kwanza, akakirudisha kwa Kifaransa. Pale karatasi mbili zilipopishana, tulitengeneza.

Na kabla ya swali la kwanza, anasoma maneno haya: «Mama, mimi ni mwanafunzi. Maswali haya ni ya masomo yangu. Siandikishi watu kwa msaada wowote. Sitaandika jina lako. Unaweza kukataa, au kuacha swali lolote.» Akiisha kuuliza ananyamaza. Hasemi «kweli kabisa!» wala hatikisi kichwa kwa huzuni, kwa sababu uso wake nao unaweza kubeba jibu.

Duru ya pili imeanza. Katika nyumba sita za kwanza, maji ya nyumba mbili yaliletwa na baba au mchotaji wa kulipwa, na katika nyumba moja kijana wa miaka kumi na mitatu alichota kabla ya kengele wakati dada yake akifagia. Binti yetu alihuzunika kidogo, kwa kuwa kazi yake haisemi tena jambo moja tu. Tulimwambia hiyo ndiyo dalili kwamba fomu sasa inasikia. Majibu yakifanana yote, chunguza swali kwanza kabla ya kuamini majibu.

Asisahau tu kwamba siku moja katika nyumba chache za avenyu moja haitoshi kuusemea mji wote wa Bukavu. Ataandika hivyo katika kazi yake, kwa maneno wazi. Siku ya nne anarudi Kadutu na karatasi zilizobaki.