UCHAMBUZI: Siri za nyumbani na sikio la mashine lisilolala

Mnamo Mei 2018, ulimwengu ulipata habari za familia moja ya mjini Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, iliyopigiwa simu na kuhimizwa ichomoe umemeni vifaa vyake vya Echo. Aliyepiga simu, mfanyakazi wa mume, alikuwa amepokea rekodi ya mazungumzo ya faragha ya nyumba hiyo. Hakuna aliyekuwa ameagiza itumwe.

Kampuni ya Amazon, inayounda vifaa hivyo, ilieleza kwamba Echo ilisikia katika mazungumzo neno linalofanana na "Alexa", ambalo ndilo huiamsha. Ikadhani imeambiwa itume ujumbe. Ikauliza utumwe kwa nani, ikaokota jina miongoni mwa maneno yaliyokuwa yakisemwa. Ilipotaka kuthibitisha jina hilo, ikasikia tena kilichofanana na "ndiyo".

Wengi walishuku ujasusi. Hata hivyo, kiini cha kosa hilo ni hesabu.

Kifaa kinachongoja kuitwa hakina budi kusikiliza usiku na mchana. Lau simu ingesikiliza kwa nguvu zake zote, betri ingekwisha upesi. Ndiposa wahandisi huiacha prosesa kubwa ilale, na kuikabidhi prosesa ndogo kazi ya bawabu. Bawabu huyu hajui lugha. Hulinganisha tu sauti inayopita na umbo la neno alilofunzwa, kisha huipa alama. Alama zikivuka kizingiti kilichowekwa, humwamsha mwenye nyumba.

Tuseme bawabu hutoa uamuzi mara 100 kila sekunde. Kwa siku moja ataamua mara milioni 8.64. Hata akikosea mara moja tu katika kila maamuzi milioni moja, nyumba itaamshwa bure zaidi ya mara nane kwa siku. Kizingiti kikipandishwa ili kupunguza makosa hayo, atakayeumia ni mwenyewe, hasa mwenye mafua au aliye mbali, ambaye ataita asiitikiwe. Kwa hivyo kizingiti pekee hakitoshi.

Suluhu ni kuweka bawabu wa pili. Katika maelezo yake ya mwaka wa 2017, Apple ilifichua kwamba mtandao mdogo wa iPhone ulikuwa na seli 32 katika kila tabaka. Ukishuku kwamba umesikia "Hey Siri", huamsha prosesa kuu, nayo hupima upya sauti ile ile kwa mtandao wa seli 192. Wa kwanza huruhusiwa kukosea kwa wepesi, kwa kuwa gharama ya kosa lake ni umeme kidogo tu. Wa pili ndiye hukataa. Isitoshe, simu hulinganisha sauti hiyo na ya mwenyewe, aliyotamka siku ya kuiandaa, ili isiamshwe na jirani au televisheni.

Ukiitazama Portland kwa jicho hilo, utaona palipoharibika. Baada ya lango la kwanza kupitwa, kila hatua iliyofuata ilichukulia kwamba iliyotangulia ilikuwa sahihi. Mashine ikishaamini kwamba inazungumziwa, kelele yoyote hugeuka kuwa jibu. Hapakuwa na hatua iliyorudi nyuma kuuliza: je, kweli niliitwa?

Suala hili linatuhusu kwa namna ya pekee sisi tuzungumzao Kiswahili. Mwaka wa 2023, Apple iliwaruhusu watumiaji wa Kiingereza cha nchi kadhaa, Marekani na Uingereza zikiwemo, waite "Siri" bila "Hey". Jinsi neno linavyopungua silabi ndivyo linavyopata mafanano mengi katika usemi wa kawaida. Kwetu si mafanano tu, bali ni neno lenyewe. Mama akimwambia bintiye, "Hiyo ni siri yetu," amelitamka jina kamili, tena kwa mkazo ule ule. Bawabu wa pili hana kosa la kulikamata, kwani alichosikia ndicho alichofunzwa. Kinga inayobaki ni kuitambua sauti ya mwenyewe, nayo haisaidii iwapo mama huyo ndiye mwenye simu.

Anayeishi kwa Kiswahili na simu iliyowekewa Kiingereza ana sababu nzuri ya kurejesha "Hey Siri" katika mipangilio. Mwenye Echo anaweza kubadilisha neno la kuiamshia, au kubonyeza kitufe kinachozima maikrofoni. Aidha, apu ya Alexa huonyesha yale ambayo kifaa kiliyachukua kuwa maagizo. Mwenye kuyakagua, akakuta maneno ambayo hakuyaelekeza kwa mashine, atajua kwamba bawabu wake hufungua mlango bila hodi.