Dua na Mvua ya Kajiado

Ndugu wawili niwafahamuo, dada akaaye Kajiado mjini na mdogo wake wa kiume afanyaye kazi Kitengela, wamekuwa wakihojiana tangu ukame uliopita juu ya swali ambalo wengi wetu hulikwepa kwa adabu, nalo ni kama dua ina athari yoyote katika ulimwengu, ama ni maneno ya kumtuliza yule ayasemaye na kuishia hapo. Nayaandika mahojiano yao kwa sababu kila mmoja ameshika kitu cha haki, na kwa sababu majibu tuyasikiayo mimbarini na barazani, ya wenye imani na ya wenye shaka, aghalabu huwa mepesi kupita kiasi.

Mvua zilikosa misimu 5 mfululizo, tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022. Mizoga ya ng'ombe ililala kando ya barabara ya Namanga, na katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni 2 iliangamia. Tarehe 14 Februari 2023 Rais William Ruto aliongoza maombi ya taifa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mwezi huo huo wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika walikuwa wakitabiri kwamba masika nayo yangekuwa haba. Lakini Machi ilipokuwa ikiisha mvua ikashuka, na mahali pengi ikazidi kiasi cha kawaida.

"Hapo utasemaje, mdogo wangu?" dada akamwuliza. "Wenye vyombo walisema haiji, wenye kuomba wakaomba, ikaja."

"Dada, hesabu hiyo umeianza mwisho," akajibu. "Watu waliomba mwaka 2020, wakaomba 2021, wakaomba 2022, wala hapana aliyezitia daftarini dua hizo. Ubaridi wa bahari ya Pasifiki uitwao La Nina uliganda karibu miaka 3, nao ndio uliotunyima vuli zetu. Ulipokwisha, mambo yakaanza kugeuka. Na utabiri ni kauli ya lielekealo kuwa, si ahadi, basi kukosea kwake mara moja si muujiza. Kisha Aprili 2024 maji yakaingia nyumba za watu hapa Kitengela. Mafuriko yale nani aliyeyaomba?"

Katika hili kijana ana haki, na yawapasa wanaotuongoza katika ibada wamsikilize. Mwenye kuihesabu mvua iliyokuja baada ya dua, na kuinyamazia misimu iliyopita mikavu ilhali watu walikuwa wameinua mikono, huijenga imani ya wafuasi wake juu ya mchanga, na ukame ujao utakapoibomoa atawalaumu wao kwa uchache wa imani yao. Huko ni kumdhulumu mfugaji mara ya pili, baada ya kwisha kufiwa na ng'ombe wake.

Kijana akaongeza hoja nzito zaidi. Huko Amerika, mwaka 2006, daktari Herbert Benson na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa 1,802 waliopasuliwa moyo. Wagonjwa waligawanywa makundi 3: wa kwanza waliombewa bila ya kujua kwa yakini kama wanaombewa, wa pili hawakuombewa, nao vile vile hawakujua, wa tatu waliombewa na wakaambiwa hivyo. Waliopatwa na matatizo baada ya kupasuliwa walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza na 51 katika la pili, yaani hapana tofauti. Na katika lile lililojua kwamba linaombewa walikuwa asilimia 59.

Dada hakuikataa hesabu. Aliuliza tu ni nani waliokuwa wakiomba, akaambiwa ni wageni waliopewa jina la mgonjwa na maneno ya kumwombea. "Na mama zao wagonjwa hao," akasema, "na watoto wao, katika makundi yote 3, walikatazwa kuomba?" Hawakukatazwa, wala haingewezekana. Basi uchunguzi ule ulipima nyongeza ya dua za wageni juu ya dua za jamaa ambazo hakuna aliyezihesabu. Ulilolionyesha ni kwamba nyongeza hiyo haikuonekana, nalo ni jambo la kuzingatiwa. Lakini haukupata kumwona mgonjwa asiyeombewa na mtu yeyote.

Hapo ndipo dada alipoleta habari ya swala ya kuomba mvua, istisqaa, ambayo wengi wetu huijua kwa sehemu yake ya mwisho tu: rakaa 2 uwanjani, hotuba yenye istighfari nyingi, na imamu kuelekea kibla na kuligeuza joho lake, upande wa kuume ukawa wa kushoto. Lakini katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, kazi huanza kabla ya siku hiyo. Watu huamrishwa kufunga siku 3, kutubu, kutoa sadaka, kupatana waliogombana, na kurudisha haki za watu kwa wenyewe. Kisha siku ya nne hutoka wamefunga, kwa mavazi ya kazini, bila ya manukato, pamoja na wazee na watoto.

Sasa, katika ukame ule jamaa hawa walikuwa na ng'ombe wachache upande wa Isinya, na mchungaji aliyewalisha. Ng'ombe walipokufa, kijana, ambaye ndiye aliyekuwa akimlipa, alimrudisha kwao na mishahara ya miezi kadhaa hajampa, kwa hoja kwamba mali imekwisha. Dada alipotaka kwenda kuswali istisqaa, alimpigia simu mdogo wake usiku akamwambia, "Mimi siwezi kusimama uwanjani na jasho la mtu liko mfukoni mwetu. Mlipe."

"Kumlipa mtu haki yake hakuhitaji dua, dada. Hata mimi nisiyeamini najua kwamba ni wajibu."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku aliyoondoka."

"Basi mbona hujamlipa?"

Akamlipa kidogo kidogo mpaka ikatimia.

Msomaji asidhani kwamba nataka kuigeuza dua iwe njia ya kutengeneza tabia tu, na mbingu ziachwe pembeni. Nilipomtajia dada maneno hayo alikasirika. "Mimi siombi ili niwe mwema," alisema. "Naomba mvua, kwa Mwenye mvua, naye akitaka hunipa na akitaka huninyima, wala sina la kumlazimisha." Hiyo ndiyo itikadi yenyewe, na hapana mizani ya binadamu iwezayo kuithibitisha wala kuibatilisha, mdogo wake angali akiikataa, nao hukaa sinia moja. Lakini dua ya uongo yaweza kujulikana hapa hapa duniani: ni ile imwachiayo Mungu kazi iliyokwisha kuwekwa mikononi mwetu, ikampita mdai mlangoni kwenda uwanjani.

Kwa hiyo nawasihi mashekhe na wachungaji wa makanisa, tangu Kitengela hata Namanga, kwamba mvua zikosapo tena wasitangaze siku ya maombi peke yake. Na watangaze, kwa mdomo ule ule na siku 3 kabla, kwamba kila mwenye mchungaji amlipe, kila mwenye kisima kilichozungushiwa ua amfungulie jirani, na vijana watoke na majembe wakazoe tope katika malambo yaliyojaa udongo, ili maji yakijaliwa kushuka yapate pa kukaa.