Kabla ya Kuomba Uwakala wa Mbolea, Ziba Jina la Kampuni Kwenye Barua Yako

Mvua za Novemba zinapokaribia, wenye maduka ya pembejeo huku kwetu huanza kuandika barua za kuomba uwakala wa mbolea na mbegu, na baadhi yao huniletea nizisome kabla hawajazituma. Karibu zote huharibika mahali pamoja. Anwani huwa sawa, kichwa cha "YAH: MAOMBI YA UWAKALA" kipo, na salamu ni za heshima. Kisha inakuja aya ya kueleza kwa nini umeichagua kampuni hiyo na si nyingine, na hapo mwandishi anakuwa hana la kusema.

Asiye na la kusema hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza humwaga sifa: "Nimevutiwa na kampuni yenu kwa sababu ni kubwa, ni bora kuliko zote, na mbolea yenu inafaa kila aina ya udongo." Wa pili hunakili dira na dhamira kutoka kwenye kipeperushi au tovuti ya kampuni, kisha huwarudishia wenyewe maneno yao kuhusu kumwezesha mkulima na kilimo endelevu.

Msimamo wangu ni kwamba aya za namna hii ni bora ziachwe kabisa. Meneja wa mauzo anayasoma maneno hayo ukutani kwake kila siku. Anachotafuta kwenye barua yako ni kujua kama mzigo wake utatoka dukani kwako, kwa wateja gani, na kama utaweza kuwaeleza kinachouzwa. Sifa hazimjibu hata swali moja kati ya hayo.

Kuna njia rahisi ya kuipima aya yako. Ziba jina la kampuni kwa kidole, kisha weka jina la kampuni shindani mahali pake. Kama kila sentensi bado inasimama, hujaandika chochote kuhusu kampuni unayoiomba. Futa, uanze upya.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Tuseme una duka Iyula, wilayani Mbozi, na unataka uwakala wa mbolea ya Minjingu. Kabla ya kushika kalamu, unahitaji kuijua mbolea yenyewe. Inatokana na mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, na mwamba huo una kalsiamu pia. Fosfeti ya mwamba haiyeyuki haraka kama ile ya DAP. Inahitaji udongo wenye tindikali ili iyeyuke na mzizi uipate. Kwenye shamba lenye pH ya chini ya 5.5 inafanya kazi vizuri. Kwenye udongo usio na tindikali, mkulima anaweza kumaliza msimu huku sehemu kubwa ya fosfeti hiyo ikiwa bado haijayeyuka.

Sasa irudie ile sentensi ya "inafaa kila aina ya udongo". Ilikuwa sifa, lakini mtu wa kampuni akiisoma anajua papo hapo kwamba hujui unachotaka kuuza. Anajua pia kwamba utamuuzia hata mkulima ambaye shamba lake halifai, na mkulima huyo atarudi kijijini akisema mbolea ni feki. Uchawa unakuharibia kwa namna hiyo: humsifu mtu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe anajua si kweli.

Ukishaijua mbolea, hatua ya pili ni kuwajua wateja wako. Hapa daftari la duka linakusaidia kuliko tovuti yoyote. Andika nani alinunua mbolea gani ya kupandia, kwa zao gani, na nani aliulizia usichokuwa nacho. Waulize wateja kama kuna aliyewahi kupima udongo. Maabara ya TARI Uyole, Mbeya, hupima, na majibu ya majirani watano yatakupa picha ya awali ya mashamba yanayokuzunguka. Usidhani Songwe yote ni udongo mmoja. Mwenye duka Kamsamba, bondeni wilayani Momba, anahudumia watu wa mpunga na ufuta, na sababu iliyomfaa mtu wa Iyula inaweza isimfae yeye hata kidogo.

Hatua ya tatu ni kuona kwa macho. Nunua mifuko michache kabla hujaomba uwakala. Mwombe mteja mmoja apande mistari 10 ya mahindi kwa mbolea hiyo na mistari 10 jirani kwa ile aliyoizoea, mbegu ileile, siku ileile, palizi moja, na mbolea ya kukuzia sawasawa. Pima mavuno ya kila upande kwa debe moja. Huo si utafiti wa kuthibitisha jambo kwa mkoa mzima, lakini ni kitu ulichokiona, na hakuna mwombaji mwingine aliye nacho.

Baada ya hapo aya inaweza kusomeka hivi. Namba zilizomo ni za mfano tu. Zako zitoke kwenye daftari lako:

"Nimeichagua Minjingu kwa sababu ya udongo wa wateja wangu. Nauza pembejeo Iyula kwa mwaka wa nne, kwa wakulima wa mahindi na kahawa. Wateja watano wamepima udongo TARI Uyole, na wanne kati yao walipata pH chini ya 5.5. Msimu uliopita nilinunua mifuko 6 ya mbolea yenu Mbeya mjini nikaiuza yote. Mteja mmoja alijaribu mistari 10 kwa mbolea yenu na 10 kwa DAP, akapata debe 5 kila upande. Shida niliyoiona ni kwamba mahindi yalichelewa kukolea rangi wiki za mwanzo, na wateja wawili wakadhani wameuziwa mbolea mbovu. Naomba uwakala ili mzigo ufike kabla ya Novemba, na naomba siku moja ya mafunzo ya wakulima kabla ya kupanda."

Isome tena ukiwa umeziba jina. Haiwezi kwenda kwa kampuni ya DAP, wala ya mbegu. Haina neno "bora" hata moja, lakini meneja akimaliza kuisoma anajua una wateja wa aina gani, shamba linalofaa ni lipi, na mzigo unatakiwa lini.

Wengi hunishika mkono wanapofika kwenye sentensi ya mahindi kuchelewa rangi. "Sasa bwana shamba, unamwambia mtu ubaya wa mali yake halafu akupe uwakala?" Ndiyo, iache ibaki. DAP ina naitrojeni asilimia 18 na fosfeti inayoyeyuka haraka, kwa hiyo mche huchangamka mapema. Mbolea ya fosfeti ya mwamba huanza taratibu. Kampuni inalijua hilo, na malalamiko hayo si mageni kwake. Ukiyataja pamoja na ombi la mafunzo, unaonyesha utakuwa mtu wa kumweleza mteja asubiri, badala ya kumrudishia hela na kuichafua bidhaa. Vilevile, mavuno yakiwa sawa, andika sawa. Usiongeze debe mbili ili kufurahisha, maana anaweza kukupigia simu na kuomba kuliona shamba.

Kuna mipaka. Usiiponde mbolea ya kampuni nyingine. Kutaja DAP kama kipimo kunatosha. Usiandike habari ya kampuni uliyoisikia kijiweni, kwa mfano kwamba wanatengeneza aina fulani au wana ghala mahali fulani, kabla hujapiga namba iliyo kwenye mfuko na kuuliza. Kosa moja la namna hiyo linaifuta aya nzima. Fikiria pia umbali. Minjingu ni mbali, mzigo unapita Babati, Dodoma, Iringa na Mbeya kabla haujatufikia, na nauli hiyo inaingia kwenye bei ya mfuko. Kama hujajua ni mifuko mingapi utachukua kwa safari moja, uwe na jibu kabla hujaulizwa. Na bila leseni ya TFRA ya kuuza mbolea, aya nzuri haitakufikisha popote; anza na leseni.

Wapo wanaoniambia kwamba kwetu ni utamaduni kumsifu mkubwa kabla ya kumwomba, na kwamba barua isiyo na sifa ni ya kiburi. Nakubali kuhusu heshima. Iweke kwenye salamu na kwenye kufunga barua: "Ndugu Meneja, husika na mada tajwa hapo juu," na shukrani mwishoni. Lakini mtu akija nyumbani kwako kuomba shamba la kukodi, unamheshimu yupi? Anayesema wewe ni tajiri mkubwa kijiji kizima, au anayesema ameliona shamba lako la bondeni, ameona mfereji umeziba upande wa juu, na yuko tayari kuuzibua?

Mwenye kijana anayetafuta kazi Tunduma anaweza kutumia kipimo hichohicho. Kijana anayeomba kwenye kampuni ya kugomboa mizigo asiandike kwamba kampuni ni kinara. Aende kwanza akajue inagomboa mizigo gani, ya kuingia nchini au inayokwenda Zambia na Kongo. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, lori linalotoka Tanzania hukaguliwa na nchi zote mbili upande wa Nakonde, na linaloingia hukaguliwa upande wa Tunduma. Kwa hiyo kampuni ya mizigo ya kwenda nje inahitaji mtu wa kushinda Nakonde. Kijana akiandika kwamba amelijua hilo na yuko tayari kufanya kazi upande ule, ameshaonyesha anaomba kazi ya kampuni ipi.

Kama bado huna cha kuandika, usitume barua msimu huu. Nunua mifuko michache, fungua daftari, tafuta mteja wa mistari 10, na uandike baada ya mavuno. Kampuni itakuwepo. Aya ikishakuwa tayari, ilete ofisi ya kata tuisome pamoja. Kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuziba jina la kampuni kwa kidole.